Hodhi la Kona: Bomba la Pazia au Reli ya Dari? Mwongozo Kamili wa Kupima, Kuchagua na Kufunga

Hodhi la kuogea la kona ni lile linalokaa kwenye pembe ya kuta mbili na kutokeza mbele kwa mviringo. Hapa Kigoma nimelikuta kwenye nyumba kadhaa mpya, kuanzia Mwanga hadi Katubuka, na karibu kila mahali hadithi ni moja. Limefungwa vizuri, maji yanaingia na kutoka bila shida, lakini mtu akioga kwa shawa akiwa amesimama sakafu nzima inalowa. Mwenye nyumba anakwenda dukani, ananunua bomba la pazia la kawaida, akirudi nalo nyumbani anakuta halina pa kushika.

Bomba la kawaida limetengenezwa kwa bafu lenye kuta mbili zinazotazamana. Lile la springi ndilo linalochagua zaidi: linajibana kwa kusukuma kuta mbili kwa nguvu sawa, na kuta hizo lazima ziwe sambamba. Ukiliweka mshazari kwenye pembe, ncha zake zinagusa ukuta kwa upande mmoja tu na kuteleza juu ya marumaru. Hata ukifunga bomba lililonyooka kwa skrubu kutoka ukuta mmoja hadi mwingine, litakata katikati ya hodhi, na pazia litamwangukia anayeoga mabegani huku nusu ya hodhi ikibaki nje ya pazia.

Kwa hiyo njia za kweli ni mbili. Ya kwanza ni bomba lililokunjwa kufuata umbo la hodhi. Ya pili ni reli inayofungwa darini na kufuata umbo hilohilo. Watu hudhani wakichagua bomba wameikwepa kazi ya dari, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Kwenye hodhi la kona huikwepi dari kwa njia yoyote ile, kwa hiyo kabla ya kuuliza bei ya bomba au ya reli, jua kwanza dari yako imebebwa na nini.

Kwa nini bomba nalo linahitaji dari

Chukua mfano wa hodhi nililolifanyia kazi Katubuka, maana vipimo vyake vinafanana na vya mahodhi mengi ya kona. Kila upande unaoegemea ukuta ni sentimita 140 kutoka pembeni. Mwisho wa kila upande, ukingo unatoka ukutani ukiwa umenyooka kwa sentimita 60, halafu mviringo unaunganisha pande hizo mbili kwa mbele. Mdomo wa hodhi una upana wa sentimita 6, na uko sentimita 55 juu ya sakafu. Dari ni ya jipsamu, urefu wa futi 9, yaani sentimita 274.

Pazia halitakiwi kushuka juu ya mdomo. Linatakiwa kushuka ndani yake, ili maji yanayoteremka kwenye kitambaa yaishie hodhini. Nikaacha sentimita 6 za mdomo na 4 za nafasi, kwa hiyo mstari wa pazia unapita sentimita 10 ndani ya ukingo wa nje. Unaanzia ukutani sentimita 130 kutoka pembeni, unanyooka sentimita 60, unazunguka robo duara yenye nusu kipenyo cha sentimita 70, halafu unanyooka tena sentimita 60 hadi ukuta wa pili. Robo duara hiyo ina urefu wa sentimita 110 hivi. Jumla ni sentimita 230.

Mama mwenye nyumba alitaka bomba, kwa sababu alishaliona kwa jirani kwenye bafu la mraba. "Fundi, kwani bomba lenyewe si linashikwa ukutani pande zote mbili?" aliniuliza. Nikamwomba tushike bomba la inchi moja lililokunjwa, yeye akabana ncha moja ukutani, mimi nyingine. "Sasa mama, weka mkono wako mwingine hapa katikati ya mviringo, ubonyeze kidogo." Katikati pakashuka, na ncha zikaanza kuzunguka zenyewe mikononi mwetu. Bomba lililonyooka kati ya kuta mbili huwa linapinda tu. Lililokunjwa linageuka kuwa mkono mrefu uliotokeza zaidi ya mita moja kutoka ukutani, na kila mvuto wa pazia unazipinda zile skrubu za ukutani hadi zinalegea. Likishikwa ukutani pekee, haliwezi kudumu.

Dawa yake ni nguzo ndogo inayoshuka kutoka darini na kulishika bomba katikati ya mviringo. Hapo bomba linatulia kabisa. Lakini nguzo hiyo inafungwa darini, na bado kuna jambo lingine: pete za pazia haziwezi kupita penye nguzo. Kwa hiyo pazia lazima liwe vipande viwili, kila kimoja kikifunguka kuelekea ukuta wake. Wengine hilo haliwasumbui. Kwenye hodhi ambalo watu huingilia katikati ni sawa kabisa, ila kwa anayetaka kulifungua lote upande mmoja ili aoshe mtoto kwa nafasi, ni kero ya kila siku.

Reli haina kizuizi hicho. Vigurudumu vinavyobeba pazia vinatembea ndani ya mfereji wa reli, na skrubu zinaishikilia kwa juu, kwa hiyo pazia linapita kutoka ukuta hadi ukuta bila kukwama. Isitoshe, reli imeshikwa sehemu nyingi badala ya tatu. Maadamu utaigusa dari hata ukichagua bomba, kwa dari iliyo sawa na isiyozidi futi 10 mimi nashauri reli. Mwisho wa mwongozo huu nitaeleza mahali ambapo bomba linashinda.

Kujua kilicho juu ya dari

Jipsamu peke yake haibebi kitu. Ni unga uliobanwa kati ya karatasi mbili, na skrubu ikivutwa mara kwa mara tundu lake linapanuka mpaka linatoka na unga. Kinachobeba ni mbao za mbili kwa mbili zilizo juu yake, zile tunazoziita blandari, ambazo kwa kawaida zimepangwa kwa miraba. Dari za plastiki ni hivyohivyo, tena ni dhaifu zaidi kwa kuwa ndani zina uwazi.

Kutafuta blandari hakuhitaji mashine. Chukua sumaku kutoka kwenye spika mbovu, ifunge kwenye kitambaa laini ili isichafue rangi, kisha ipitishe taratibu darini. Itavutwa kwenye kila msumari au skrubu ya jipsamu. Weka alama ya penseli kila inaponasa, na baada ya dakika chache utaona alama zimejipanga kwenye mistari. Hiyo mistari ndiyo mbao. Hakikisha kwa kugonga na kifundo cha kidole: penye mbao sauti ni nzito, na pasipo na mbao inalia kama debe tupu.

Ukishaichora mistari hiyo utaona tatizo. Mviringo wa pazia hauijui mistari ya blandari. Unaikata sehemu mbili au tatu tu, na kwingine kote reli itakuwa juu ya jipsamu tupu. Suluhisho linategemea kama unaweza kupanda darini au la.

Kama kuna mlango wa kupandia, panda na ulaze vipande vya mbao vya inchi 1 kwa 8 juu ya jipsamu, kutoka blandari moja hadi nyingine, pale mstari utakapopita. Vifunge kwa skrubu kwenye blandari, visikae vimelegea. Tembea juu ya mbao za kenchi tu, usikanyage jipsamu. Na kabla ya kupanda, zima swichi kubwa ya umeme. Nyaya za taa na za hita ya shawa huwa zimelala humohumo, mara nyingi bila bomba la kuzikinga. Ukiona waya unapita pale mbao itakapokaa, mwite fundi umeme ausogeze. Usiubane chini ya mbao.

Kama hakuna njia ya kupanda, kazi ifanyike kwa chini. Kata mkanda wa plaiwudi ya marini wa milimita 12, upana wa sentimita 8, kwa umbo lilelile la mstari wa pazia. Mkanda huo unafungwa kwenye blandari kila inapoikata, na reli inafungwa kwenye mkanda. Upake rangi ya mafuta pande zote na kwenye kingo pia kabla ya kuupandisha, kwa sababu mvuke hupenya plaiwudi kupitia kingo. Ukipakwa rangi ya dari unaonekana kama urembo uliokusudiwa. Hii ndiyo njia tuliyotumia Katubuka. Mkanda ulikata blandari sehemu nne, na kila sehemu ilipata skrubu mbili za inchi mbili na nusu.

Anayejenga sasa ana bahati. Amwambie fundi wa dari aongeze mbao juu ya hodhi kabla jipsamu haijapanda, na apige picha kwa simu ikiwa na tepu imenyooshwa kutoka ukutani, ili baadaye ajue mbao ziko wapi.

Pateni ya boksi

Nyumba zetu nyingi ni za tofali za kuchoma, zikapigwa lipu na marumaru juu yake, na pembe ya bafu mara nyingi haijakaa mraba. Unaweza kuijaribu: pima sentimita 60 kutoka pembeni kwenye ukuta mmoja, 80 kwenye mwingine, halafu pima mshazari wake. Kama si 100 kamili, pembe imekwenda upande. Kwa hiyo usichore mstari wa darini kwa kupima kutoka ukutani. Uchukue kwenye hodhi lenyewe.

Tafuta boksi kubwa, la friji au la televisheni. Lilaze juu ya hodhi lifike kwenye kuta zote mbili, na kwa chini chora ukingo wa nje wa hodhi. Kisha chora mstari wa pili ndani yake kwa umbali uliouchagua, kama zile sentimita 10 za Katubuka, na ukate kwenye mstari huo wa ndani. Rudisha boksi juu ya hodhi uangalie kama ukingo wake uko ndani ya mdomo kote, hasa kwenye mviringo. Rekebisha sasa, wakati bado ni boksi.

Pateni hii itafanya kazi mara tatu: kuchora dari, kukata mkanda wa plaiwudi, na kukunjia reli. Ili kuupandisha mstari darini, acha pateni juu ya hodhi, mtu mmoja ashike uzi wa timazi darini na mwingine aangalie chini mpaka ncha ya timazi iguse ukingo wa pateni. Weka alama darini. Fanya hivyo kwenye ncha zote mbili ukutani, mahali mviringo unapoanza na unapoishia, na katikati yake. Halafu pandisha pateni yenyewe darini, iegemeze kwenye alama hizo, na uchore mstari mzima kwa penseli. Alama zisipokubaliana na pateni, amini timazi.

Kabla ya kushuka, angalia vitu viwili. Taa iko wapi, na pazia likifunguliwa litaigusa? Na hita ya shawa iko wapi? Reli ya chuma isipite karibu na hita wala nyaya zake kiasi cha kuweza kuzigusa. Kama zinakaribiana, sogeza shawa ukutani kabla ya kuendelea.

Reli ipi, na namna ya kuikunja

Reli za pazia za bati zilizopakwa rangi, zile za sebuleni, ziache. Bafuni zinashika kutu kwenye kila tundu la skrubu, na kutu ikianguka juu ya pazia jeupe haitoki. Zinabaki mbili: ya plastiki inayokunjika kwa mkono, na ya alumini.

Ya plastiki ni nafuu na ni rahisi. Ianike juani nusu saa italainika, na mviringo wa sentimita 70 utaupata bila shida yoyote. Ubaya wake ni kwamba joto linalomsaidia fundi kuikunja linaendelea kuilainisha ikiwa darini. Ikishikwa kwa umbali mkubwa inalegea katikati ya skrubu, na vigurudumu vinajikusanya kwenye bonde hilo. Inafaa kwa pazia jepesi, na skrubu ziwe karibukaribu, kila sentimita 20 hadi 25.

Alumini ndiyo ninayoipendelea kwa nyumba ya kudumu. Ni aina ileile ya reli inayotumika wodini kuzungusha pazia la kitanda, nayo hukunjwa kona bila kuvunjwa vipande. Chukua kipande kimoja kizima, usikubali viungo kwenye mviringo. Kwa mstari wetu wa sentimita 230 nilichukua mita 3, kwa sababu huwezi kukunja vizuri hadi mwisho kabisa wa ncha. Unahitaji sehemu ya kushika kila upande, na ziada inakatwa baadaye kwa msumeno wa chuma.

Kukunja kunafanyika hivi. Hamishia mviringo wa pateni kwenye kipande cha ubao mnene au plaiwudi mbili zilizobanwa pamoja, ila ukate mviringo mdogo kidogo kuliko unaoutaka, kwa sababu alumini ukiiachia inarudi nyuma. Kiasi inachorudi kinategemea unene wa reli, hivyo jaribu kwanza kwenye kipande cha ziada. Kabla ya kukunja, jaza mfereji wa reli kwa kamba ya nailoni au ukanda wa plastiki unaoenea kabisa. Bila kujaza, midomo ya mfereji inakaribiana na kigurudumu hakitapita tena. Reli ilazwe ikiwa na mfereji umetazama chini kama itakavyokaa darini, ibane kwenye ubao upande mmoja, halafu ivute taratibu kwa kiganja, sentimita chache kila mara, ukiisogeza. Usiipashe moto. Ukiona mikunjo midogo inaanza upande wa ndani, unavuta kwa haraka mno.

Toa kamba, weka kigurudumu kimoja, na ukisukume kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Kikikwama mahali palepale kila mara, mfereji umebanwa hapo. Upanue kidogo kwa bisibisi pana, kidogokidogo. Usiendelee na kazi mpaka kigurudumu kipite bila kusukumwa kwa nguvu.

Kufunga

Toboa matundu ya skrubu kwenye reli ikiwa bado chini. Kwenye mviringo yawe kila sentimita 25 hadi 30, na kwenye sehemu iliyonyooka kila 40 hadi 50. Kwa Katubuka ilikuwa matundu matano kwenye mviringo, pamoja na mawili kila upande ulionyooka, moja likiwa sentimita 5 tu kutoka ukutani. Jumla tisa. Vichwa vya skrubu viwe bapa na vizame ndani, maana kichwa kikichomoza kinazuia vigurudumu kama nguzo ya bomba inavyozuia pete. Skrubu ziwe za stenlesi.

Vigurudumu viingie kabla reli haijapanda. Ikishafika ukutani pande zote mbili huna tena pa kuviingizia. Mapazia mengi ya bafu yanayouzwa tayari yana upana wa sentimita 180 na matundu 12 ya kulabu, kwa hiyo mapazia mawili ni vigurudumu 24. Mimi huongeza viwili vya akiba. Weka vizuizi kwenye ncha zote mbili.

Pandisha reli mkiwa wawili. Anza skrubu ya katikati ya mviringo, halafu za mwanzo na mwisho wa mviringo, kisha ncha. Usizikaze kabisa kwanza. Weka pima maji chini ya reli kila sehemu. Dari ikiwa imebonyea, chomeka kipande chembamba cha plastiki kati ya reli na dari mpaka isawazike, ndipo ukaze. Jaribio rahisi ni kusogeza vigurudumu vyote katikati na kuviacha. Vikianza kutembea vyenyewe, reli imeinama.

Kama dari yako ni ya zege, kazi ni nyepesi zaidi. Unatoboa kwa mashine ya kugonga, biti ya milimita 6, unaweka fisha na skrubu, na hakuna haja ya mkanda.

Urefu wa pazia

Hapa ndipo reli inadai gharama yake. Pazia linaanzia juu kabisa, na la dukani lenye urefu wa sentimita 180 halifiki. Kwa Katubuka hesabu ilikuwa hivi: dari sentimita 274, reli na kulabu zinachukua 5, kwa hiyo kitambaa kinaanzia 269. Chini nilitaka kiingie ndani ya hodhi sentimita 17 chini ya mdomo, yaani kiishie 38 kutoka sakafuni. Urefu unaohitajika ni 231. Pungufu ya sentimita 51.

Usiongeze kitambaa chini. Ongeza wavu juu. Mapazia ya wodini yana wavu sehemu ya juu ili hewa na mwanga vipite, na bafuni sababu hizo zina uzito uleule: mvuke unatoka badala ya kujikusanya chini ya jipsamu, na anayeoga haogi gizani. Maji ya shawa hayafiki juu huko. Fundi cherehani anashona ukanda wa wavu wa sentimita 51 juu ya pazia, pamoja na pindo la juu lenye utepe mgumu na matundu ya kulabu. Hapa Kigoma kuna wavu mzuri sana kwa kazi hii, wavu mpya wa dagaa, unaopatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi. Matundu yake ni madogo, hauozi na hukauka upesi. Omba kipande, usichukue uliokwishatumika ziwani.

Upana wa pazia uwe mara moja na nusu ya urefu wa reli. Mapazia mawili ya 180 yanatoa 360, na kwa reli ya 230 inaenea vizuri. Likiwa na upana sawa na reli linanyooka kama ukuta, na kwenye mviringo linavutwa ndani kuelekea kwa anayeoga.

Hata likiwa na mikunjo, pazia hupenda kuingia ndani wakati shawa inamwaga, kwa hiyo pindo la chini linahitaji uzito. Sumaku za pindoni hazishiki kwenye hodhi la akriliki. Wapo watakaofikiria risasi za nyavu kwa kuwa ziko tele mjini. Usizitumie, risasi ni sumu, na pindo hilo linakaa kwenye maji wanayooga watoto. Shonea mnyororo mwembamba wa stenlesi.

Dalili za kuangalia

Unga mweupe juu ya mdomo wa hodhi maana yake kuna skrubu iliyoshika jipsamu na si mbao. Ufa mwembamba mweusi kati ya reli na dari unasema hivyohivyo. Iondoe skrubu hiyo mara moja, usiikaze, maana kuikaza kunamalizia tundu. Doa la kahawia kwenye dari karibu na reli ni mvuke au bati linalovuja, na jipsamu iliyolowa haitabeba hata pale palipo na mbao kama mbao nayo inaoza.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana asili ya alikali, na huacha utando mweupe kwenye kulabu na pindo. Siki iliyochanganywa na maji inautoa. Kwenye alumini ipake na kuisuuza papo hapo, usiiache ikae. Dawa za klorini ziishie sakafuni, zisipakwe kwenye reli.

Na wote wa nyumbani waelewe kwamba pazia si la kushika unapoteleza. Hakuna reli wala bomba la pazia linalobeba mtu. Kama kuna mzee nyumbani, weka mshikio wa ukutani uliofungwa kwa fisha ndefu kwenye tofali.

Mahali ambapo bomba ndilo sahihi

Dari ikiwa na mteremko, kama kwenye bafu lililobanwa chini ya ngazi, reli inayofuata dari itashusha vigurudumu vyote upande wa chini. Dari ikiwa ndefu kupita futi 10, pazia linakuwa refu na zito mno. Na nyumba isiyo na dari, inayoona mabati moja kwa moja, haina pa kufungia reli ndefu. Hapo tumia bomba lenye nguzo.

Bomba liwe la stenlesi la inchi moja. Lile linalong'aa ambalo sumaku inalinasa kwa nguvu mara nyingi ni chuma kilichopakwa tu, na kutu huanzia lilipokatwa. Fundi wa grili anaweza kulikunja kwa kufuata pateni yako, akilijaza mchanga mkavu kwanza ili lisibonyee. Kwa pazia la 180 na vipimo vya Katubuka, lingekaa sentimita 222 kutoka sakafuni, hivyo nguzo ingekuwa ya sentimita 52, ikiwa na kitako cha skrubu nne kwenye mbao. Pasipo na dari, nguzo ifike kwenye mbao ya chini ya kenchi.

Ncha za ukutani zinatobolewa kwa biti ya marumaru, bila kugonga, mpaka uvuke marumaru. Gundisha kwanza kipande cha selotepu ili biti isiteleze. Ukifika kwenye tofali la kuchoma endelea bila kugonga pia, kwa kuwa tofali zetu ni laini na mashine ya kugonga inapanua tundu. Tumia fisha ya milimita 8 na skrubu ya inchi 2. Nguzo ifungwe mwisho, baada ya ncha zote mbili kukaa sawa kwa pima maji, ili isilivute bomba juu na kuzipinda skrubu za ukutani tangu siku ya kwanza.